Asilimia Kumi na Tano za Kornel

Kwenye mkataba wake Kornel aliandikwa kuwa afisa mauzo wa vijijini. Kazi aliyoifanya kwa ustadi kuliko zote haikuandikwa popote, nayo ilikuwa kuzika.

Si kwamba alishika sepetu. Alitumwa. Ofisi yao ya mbegu na mbolea ilikuwa Sumbawanga mjini, na wateja wake walitapakaa kuanzia Chala hadi Mwimbi. Wateja hao, kama binadamu wengine, walikuwa na tabia mbaya ya kufiwa bila kuangalia ratiba ya ofisi. Taarifa ya msiba ikifika, Meneja Felisian alitoa kichwa mlangoni na kusema, "Kornel, hebu tuwakilishe." Kornel akavaa koti la mvua, akawasha pikipiki, akaenda kuwakilisha. Alijua nani apewe mkono kwanza, wapi aongee Kifipa na wapi Kiswahili. Kwa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku na ng'ombe wao alijua kukaa chini muda wa kutosha bila kutazama saa. Akipewa nafasi ya kutoa salamu za ofisi alisema maneno machache, hakuitaja mbolea hata mara moja, na msimu uliofuata kijiji kizima kilikuja kununua mbolea.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka kumi na moja. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ile ni kazi au matembezi, mpaka Meneja alipokwenda semina.

Semina ilikuwa Mbeya, siku mbili, chai na chakula cha mchana vikiwemo. Meneja alirudi na mkoba mpya wa turubai, cheti cha kuhudhuria, na orodha ya vipimo ishirini na saba vya usimamizi wa wafanyakazi. Ofisi ilikuwa na wafanyakazi kumi. Ukivigawa kwa haki, kila mtu angepata vipimo viwili na saba vingebaki, labda apewe paka wa ghalani. Kulikuwa na kipimo cha furaha, kipimo cha ari, na kipimo cha ubunifu kwa kila kichwa. Meneja aliibandika orodha ukutani juu ya birika la maji, akatangaza kwamba kuanzia siku ile ofisi itaongozwa kwa takwimu. Wafanyakazi wakapiga makofi, maana kutopiga kungeweza kuwa kipimo cha ishirini na nane.

Kazi ya kuhesabu ilimwangukia Redempta, ambaye kwa cheo alikuwa afisa utumishi, na kwa mahitaji alikuwa pia msaidizi wa mhasibu, mpokea wageni na mtunza ufunguo wa choo. Redempta alimwambia Meneja kwa upole kwamba ofisi ya watu kumi haihitaji vipimo ishirini na saba. Ingetosha kujua watu wanakosekana kazini kiasi gani, nafasi ikiwa wazi inachukua muda gani kujazwa, wangapi wameacha kazi kwa mwaka na kwa sababu gani, na likizo ambazo watu wanadai. Labda na saa za ziada, msimu wa kupanda. Meneja alimsikiliza kwa makini sana, kisha akamwambia aanze na viwili vya kwanza, hivyo vingine ishirini na tano vitafuata.

Halafu akaongeza kanuni yake mwenyewe, ambayo hata semina haikuifundisha: ambaye utoro wake utazidi asilimia kumi, mkataba wake ukiisha hautahuishwa.

Mkataba wa Kornel ulikuwa unaisha tarehe thelathini Aprili.

Wiki ya pili ya Aprili karatasi ikabandikwa, robo ya Januari hadi Machi, majina na asilimia. Vicent, kijana wa mauzo ya kaunta, alikuwa na sifuri. Bertha wa uhasibu alikuwa na tatu. Majina yalishuka hivyo hadi mwisho kabisa, ambako Kornel alikuwa peke yake na kumi na tano.

"Shikamoo mzee," Vicent alimwambia, akiwa amesimama mbele ya karatasi na kikombe cha chai. "Kumbe wewe ndiye mtoro wetu. Mimi nilidhani ni mimi."

Hakukosea sana kudhani hivyo. Vicent alifika kila siku kabla ya saa mbili, akasaini daftari la mahudhurio juu ya mstari mwekundu, akatundika koti lake kwenye kiti, kisha akaliachia koti ofisi na yeye akaenda stendi, alikokuwa na kibanda cha kuuza kava za simu. Koti lile lilikuwa mfanyakazi kweli. Halikuwahi kuugua, halikuwahi kufiwa, na sasa lilikuwa limepata sifuri.

Kornel alimpita. Aliingia kwa Redempta, akafunga mlango, akamwomba amweleze hiyo kumi na tano ilikotoka, maana yeye alikumbuka kukosa kazi siku moja tu, ile aliyokwenda kung'oa jino.

Redempta hakuwa na raha. Alivuta daftari la mahudhurio na kumwonyesha. Hesabu yenyewe haikuwa na uchawi, alisema. Unachukua siku ambazo mtu hakuwepo, unazigawa kwa siku alizotakiwa awepo, unazidisha kwa mia. Robo ile ilikuwa na siku sitini za kazi, ukishaondoa mwisho wa wiki na sikukuu. Kornel hakusaini siku tisa. Tisa kwa sitini, mara mia, ni kumi na tano.

Kwa ofisi nzima ni vilevile, ila unajumlisha. Watu kumi mara siku sitini ni siku mia sita. Humo unatoa siku za likizo zilizoidhinishwa, ambazo zilikuwa ishirini na tano, kwa kuwa mtu aliye likizo hakutakiwa kuwepo na hawezi kuitwa hayupo. Zinabaki mia tano sabini na tano. Zilizokosekana, kwa daftari, zilikuwa ishirini na tatu. Hiyo ni asilimia nne kamili.

"Na hizo siku zangu nane," Kornel akauliza, "nilikuwa wapi?"

Wote wawili walijua alikuwa wapi. Mbili alikuwa Kasesya, kwa wakala wao wa mpakani aliyefiwa na mke. Tatu alikuwa kwenye vijiji vitatu tofauti. Na tatu zilizobaki, mfululizo, alikuwa Chala, akisimamia mapokezi ya waombolezaji kwenye msiba wa mama mkwe wa Meneja Felisian, kwa ombi la Meneja Felisian, ambaye alilia vizuri lakini hakujua magunia ya mkaa yanakopatikana.

"Nilimwambia," Redempta alisema. "Nilimwandikia hesabu mbili. Ya kwanza hiyo iliyoko ukutani. Ya pili niliweka hizo siku nane kama kazi ya nje, maana ulitumwa. Ya kwako ikawa siku moja kwa sitini, haifiki hata mbili. Ya ofisi ikashuka kutoka nne hadi mbili nukta sita. Akaniuliza tangu lini kuzika ni kazi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu tangu akutume. Akasema asiyesaini hayupo, na takwimu haina huruma."

Kornel akalisukuma daftari pembeni. Kisha akauliza vipi kuhusu ghala. Gabriel, mtunza ghala, aliacha kazi Desemba akaenda kujiajiri, na miezi mitatu funguo zilikaa kwenye mfuko wa Kornel hadi Justa alipoajiriwa. Na hilo limeandikwa wapi?

Redempta akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Hilo lilikuwa kwenye kipimo cha pili. Meneja alimwambia aandike kwamba nafasi ya mtunza ghala ilijazwa kwa siku kumi na nne, nayo ni kweli kabisa, ukianza kuhesabu siku tangazo lilipobandikwa na kuishia siku ya usaili. Lakini muda wa kujaza nafasi hauanzii kwenye gundi. Unaanza siku ofisi inapoomba nafasi ijazwe, na unaisha siku aliyechaguliwa anapokubali kazi. Maombi ya Redempta yaliwekwa mezani kwa Meneja tarehe sita Januari. Justa alikubali tarehe kumi na sita Machi. Siku sitini na tisa.

"Kuna ofisi zinaanza kuhesabu siku ya idhini," alisema. "Si dhambi, ilimradi uanze hapohapo kila mara, usihame kwa kutafuta namba nzuri. Ila mimi naandika kila hatua na tarehe yake, ndiyo faida yenyewe. Kutoka maombi hadi idhini, siku arobaini na tano. Kutoka idhini hadi Justa kukubali, ishirini na nne. Sasa niambie wewe, gari limekwama wapi?"

Kornel hakuhitaji kuambiwa. Siku arobaini na tano karatasi ilikuwa chini ya kikombe cha chai cha Meneja. Alama ya duara ilikuwa bado ipo.

Alisimama. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, watoto wawili sekondari, na shamba ambalo lisingewalipia ada. Mtu mwingine angekwenda kugombana. Yeye alisema tu kwamba kama takwimu inamtaka ofisini, basi takwimu itampata.

Kuanzia kesho yake Kornel alikuwa mfanyakazi wa mfano. Saa moja na nusu amesaini. Saa tisa na nusu bado yupo. Alikaa kwenye kiti chake, mkabala na koti la Vicent, na wote wawili wakafanya kazi sawasawa.

Wiki hiyohiyo ndipo mzee Shigela alipofariki. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima upande wa Mwimbi, mwenye ng'ombe wengi na mahindi mengi zaidi, na kikundi chake kilinunua kwao mbolea nyingi kuliko vijiji vingine vyovyote vitatu kwa pamoja. Meneja alitoa kichwa mlangoni. "Kornel, hebu tuwakilishe."

"Ningependa sana, Meneja," Kornel akasema bila kuinuka. "Lakini niko kumi na tano. Nikienda na huku, robo hii naanza vibaya."

Vichwa vikainuka mezani. Hata koti lilionekana kusikiliza. Meneja hakuweza kumwambia kwamba safari hiyo ni kazi, maana ukutani alikwisha kuandika kwamba si kazi, na hakuweza kumwambia kwamba si kazi, maana asingeweza kumtuma. Akasema basi atakwenda mwenyewe, na kwamba wateja watafurahi kumwona kiongozi.

Jinsi walivyofurahi ilijulikana baadaye kwa dereva. Meneja alifika na tai na miwani ya jua. Alimpa mkono kwanza kijana aliyekuwa akipanga viti, akidhani ndiye mtoto wa marehemu kwa sababu alikuwa na suti. Alipopewa nafasi ya salamu alitoa karatasi mfukoni, akawasomea wafiwa kwamba marehemu, katika misimu mitatu, aliongeza manunuzi yake kwa asilimia thelathini na nane, na kwamba ofisi ina matumaini kikundi kitadumisha mwelekeo huo. Kisha akatazama saa, akaeleza kuwa ana kikao, akaondoka kabla ya jeneza kutolewa ndani. Barabarani alimwambia dereva kwamba kumbe jambo lenyewe ni jepesi tu.

Siku nne baadaye, asubuhi, wazee wawili waliingia ofisini wakitembea polepole. Mmoja alikuwa mzee Mboje, mdogo wake marehemu Shigela, na mwingine mama Bertila, mweka hazina wa kikundi, akiwa amejifunga kitenge cheusi. Alibeba jogoo kwapani, amefungwa miguu. Mzee Mboje alikuwa na kiroba cha unga.

Redempta aliwakaribisha, akawapa viti. Hawakukaa. Mama Bertila alisema, kwa sauti ya chini, kwamba wamekuja kutoa pole kwa ofisi. Wamechelewa kwa sababu na wao walikuwa bado kwenye matanga.

Redempta akauliza pole ya nini.

"Ya Kornel," mama Bertila akasema, na machozi yakamlengalenga. "Tulipomwona Meneja amekuja yeye, tukajua. Kornel angekuwa hai asingekosa kwa Shigela. Hata angekuwa mgonjwa angekuja amebebwa."

Nyuma ya kabati la mafaili Kornel, aliyekuwa kazini asilimia mia moja, alisimama.

"Shikamoo mzee Mboje," alisema.

Mzee Mboje alimtazama kuanzia viatuni. Hakuitikia. Aliweka kiroba chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumshtua mzimu.

Meneja alitoka chumbani kwake kwa sababu ya kimya. Alipoelezwa alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Akawaeleza wageni kwamba Kornel ni mzima wa afya, isipokuwa siku ile alikuwa kazini.

"Kazini," mzee Mboje akarudia.

"Ndiyo, mzee. Hapa ofisini."

"Anafanya nini?"

Meneja alimtazama Kornel. Meza ya Kornel ilikuwa na kalamu moja na kikombe. Mtu wa mauzo ya vijijini, akikaa mjini wiki nzima, mezani hana kitu.

"Alikuwepo," Meneja akasema hatimaye.

"Meneja, mimi sikusoma," mzee Mboje akasema. Hakupandisha sauti. "Lakini maduka ya mbolea yapo mengi mjini hapa, na mifuko ni ileile. Kaka yangu alikuwa anapita milango minne kuja kwenu. Alikuwa anakuja kwa huyu, aliyemzikia mama yetu akiwa ameloa mvua. Kama kuja kwetu kulikuwa si kazi yake, basi miaka yote hiyo kaka yangu alikuwa ananunua kwa nani?"

Mama Bertila akaongeza, bila ubaya, kwamba kikundi kitakaa mwezi wa tano kuamua msimu ujao wanunue wapi, na kwamba ile karatasi ya asilimia thelathini na nane aliyosoma Meneja bado inazungumzwa kijijini. Watoto wanaiigiza.

Wageni walipoondoka Meneja alirudi chumbani, akamwita Redempta, akamwomba ile hesabu ya pili. Ilitokea kwamba alikuwa akiitafakari tangu mwanzo. Alisema kuna udhaifu wa kitaalamu kwenye daftari la mahudhurio, na alishangaa Redempta hakuuona. Daftari linasema tu nani kasaini. Halisemi asiyesaini yuko likizo, mgonjwa, ametumwa au ametoroka. Redempta alikubali kwamba ni udhaifu mkubwa, na akatoa daftari jipya alilokuwa amelichora tangu wiki iliyopita, lenye alama yake kwa kila sababu, na safu ya mwisho ya kuonyesha nani katuma nani, wapi, na sahihi ya aliyemtuma.

Sahihi ilimsumbua Meneja kidogo. Lakini alitia.

Karatasi ya ukutani ikabadilishwa. Ofisi ikasoma mbili nukta sita, na chini yake Redempta akaandika kwa mkono idadi yenyewe ya siku, kumi na tano kati ya mia tano sabini na tano. Alimweleza Meneja kwamba kwenye ofisi ndogo asilimia hurukaruka kama panzi. Mtu mmoja akiacha kazi tayari ni asilimia kumi ya wafanyakazi, na ukiitaja hivyo bila idadi utadhani kijiji kimehama. Akaandika pia siku sitini na tisa za kumpata mtunza ghala, zikiwa zimegawanywa hatua kwa hatua. Meneja alisimama mbele ya ile arobaini na tano kwa muda mrefu, kisha akasema tarakimu ni ndogo mno, wageni hawataisoma. Hakuiondoa. Maombi ya mtu wa kaunta yalipofika mezani kwake mwezi uliofuata aliyaidhinisha kwa siku mbili.

Maombi hayo yalikuwepo kwa sababu safu mpya ilikuwa na swali ambalo koti halikuweza kulijibu. Vicent alipoulizwa nani kamtuma stendi, alikumbuka kwamba biashara ya kava za simu ilikuwa inamhitaji muda wote. Akaondoka na koti lake.

Mkataba wa Kornel ulihuishwa tarehe ishirini na tisa Aprili, siku moja kabla ya kuisha, kwa miaka mitatu. Kwenye orodha ya majukumu kiliongezwa kifungu cha kuiwakilisha ofisi katika shughuli za kijamii za wateja. Meneja alikiandika mwenyewe, na hivi sasa anasema kwa wageni kwamba wazo alilipata semina. Ameongeza pia kwamba safari ya msiba iambatanishwe na uthibitisho, jambo lililomfanya Kornel aulize kwa heshima kama uthibitisho huo utatolewa na mtendaji wa kijiji au na marehemu. Bado anasubiri jibu, na Redempta anahesabu siku.

Kuhusu jogoo na unga, Kornel alijaribu kuwarudishia wenyewe siku ileile pale nje. Mama Bertila alikataa katakata. Pole ikishatolewa hairudi nyumbani, alisema. Itabeba mkosi njiani. Akamsukumia jogoo mikononi, akamwambia akamle, na mwezi wa tano aje yeye kwenye kikao cha kikundi, si mwenye tai.

Basi Kornel alikwenda nyumbani na jogoo, akamweleza mkewe, Silvana, alikotoka. Silvana alimpika jogoo, akasonga ugali kwa ule unga. Alipotenga chakula ndipo alipomsogezea mumewe firigisi, akamwomba, kwa kuwa ndiye marehemu, aanze yeye.